Kete moja nyuma ya mstari: kumkatia njia mpinzani kwenye LOA

Hapa Mombasa wengi tumelelewa na drafti, na vizibo vya soda juu ya ubao wa miraba 64. Ubao huohuo unatosha kwa LOA, yaani Lines of Action, mchezo alioubuni Claude Soucie na ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka 1969. Tofauti ni kwamba hapa hushindi kwa kumaliza kete za mwenzako. Unashinda zako zote zikigusana, kwa ubavu au kwa pembe, zikawa kundi moja.

Kete hutembea wima, mlalo au mshazari, na lazima iende miraba sawasawa na idadi ya kete zote, zako na zake, zilizo kwenye mstari huo. Unaruhusiwa kuruka zako. Zake huziruki, ila ukitua juu ya moja umeila.

Mchezaji wa drafti hukimbilia kula. Hapa kula kuna gharama, kwa sababu unampunguzia mpinzani kete za kukusanya. Mimi napendelea kumharibia hesabu.

Tazama hali hii ya mwisho wa mchezo, safu zikiitwa a hadi h na mistari 1 hadi 8. Nyeupe ana c4, c5, d4, na moja iliyobaki mbali, g7. Nyeusi ana b1, c1, c2, na yake iliyopotea, b6. Ni zamu ya Nyeusi, na hatari ipo: mshazari wa a1 hadi h8 una kete mbili, d4 na g7, kwa hiyo g7 itakwenda miraba miwili hadi e5, iguse d4, na mchezo umekwisha.

Wengi wangetafuta namna ya kuziba njia pale f6 au e5, na hakuna kete nyeusi inayofika huko. Si lazima ifike. Nyeusi acheze c1 hadi b2. Kete hiyo imekaa nyuma kabisa ya d4, haizuii chochote, lakini sasa mshazari una kete tatu. Hatua tatu kutoka g7 zinaangukia d4, penye kete yake mwenyewe, na hapo hairuhusiwi kutua.

Kucheza c1 hadi a1 nako kungeongeza hesabu vilevile. Ubora wa b2 uko kwenye safu ya b. Mwanzo ilikuwa na kete mbili, na b6 ingeishia b4, mbali na wenzake. Sasa zipo tatu, kwa hiyo b6 inaweza kushuka hadi b3 na kuunga kundi zima. Nyeupe, aliyekuwa hatua moja kushinda, sasa analazimika kujilinda, kwa mfano kwa kupeleka c5 hadi b5 ili akatize njia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kete, hesabu mstari unaouacha na kila mstari unaopita pale unapokwenda kutua. Mistari hiyo ya pili ndiyo watu husahau, hasa mishazari mirefu.