Saa 1 usiku si 01:00: kutoa tangazo lenye embago kwa wakati kwenye majukwaa yote

Embago ni makubaliano. Mwandishi wa habari anapewa taarifa mapema ili aandae kazi yake, naye anakubali kutoitoa kabla ya saa iliyotajwa. Taasisi inayotoa taarifa nayo imefungwa na saa hiyohiyo, na mara nyingi yenyewe ndiyo inayoivunja bila kukusudia, kwa sababu ya saa tu.

Tuchukue mfano. Taasisi ya utafiti iliyoko Arusha imeshirikiana na chuo kikuu cha pwani ya mashariki ya Marekani katika utafiti wa floridi kwenye maji ya kunywa, na makala yao inatoka katika jarida la Nature Jumatano, tarehe 18 Machi 2026. Jarida hilo kwa kawaida hufungua embago saa 16:00 kwa saa za London. Mwezi Machi London bado iko kwenye GMT hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi, ambayo mwaka huo ni tarehe 29. Sisi tuko saa tatu mbele ya GMT mwaka mzima, hivyo Arusha itakuwa 19:00. Makala kama hiyo ikitoka Aprili, London ikishasogeza saa zake, kwetu inakuwa 18:00. Anayekumbuka tu kwamba "mara ya mwisho ilikuwa saa 12 jioni" atakuwa amevunja embago kwa saa nzima.

Marekani ina mtego wake. Wao husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, yaani tarehe 8, wiki tatu kabla ya Waingereza. Kwa kawaida saa 16:00 ya London ni 11:00 asubuhi New York, lakini ndani ya wiki hizo tatu ni 12:00 mchana. Wenzetu wa chuo wakitegesha tangazo lao saa 11:00 kama walivyozoea, litatoka huku kwetu ikiwa 18:00. Kwa hiyo usiwatumie barua pepe yenye saa ya Arusha pekee ukawaachia hesabu. Andika saa ya GMT, kisha kila upande uandike saa yake na kuirudisha kwa mwenzake aihakiki.

Mtego mkubwa kuliko yote, hata hivyo, uko mdomoni mwetu. Mkuu wa mawasiliano akisema "saa moja usiku", anayejaza fomu kwenye skrini anaweza kuchagua 1:00 AM. Tangazo linatoka mapema kwa saa 18, watu wote wamelala na hakuna wa kulishusha. Mwingine anaandika 7:00 kwa usahihi lakini anaacha AM badala ya PM, na hapo umewahi kwa saa 12. Kila karatasi ya kazi na kila barua kwa waandishi iandikwe hivi: "EMBAGO hadi Jumatano 18 Machi 2026, 19:00 (saa 1 usiku) Afrika Mashariki, sawa na 16:00 GMT." Kwa mdomo pia, siku hiyo semeni "kumi na tisa kamili." Linachekesha kidogo masikioni, lakini halichanganyi.

Sasa tovuti. Ikiwa inatumia WordPress, ingia Settings, kisha General, na kwenye Timezone chagua Dar es Salaam. Wengi huiacha kwenye UTC, na hapo chapisho lililotegeshwa 19:00 litatoka saa 22:00 za Arusha. Jambo la pili ni kwamba WordPress haina saa inayogonga yenyewe. Hukagua kazi zilizotegeshwa pale tu mtu anapofungua ukurasa. Tovuti isiyo na wageni wengi inaweza kupitisha dakika kumi bila kuchapisha, au chapisho likabaki na maneno "Missed schedule". Fundi wa seva anaweza kuzima utaratibu huo katika faili la `wp-config.php`:

```
define('DISABLE_WP_CRON', true);
```

kisha seva yenyewe iupigie mlango kila dakika:

```
* * * * * curl -s https://tovuti-yako.or.tz/wp-cron.php >/dev/null 2>&1
```

Kama hakuna fundi, chapisha kwa mkono. Picha nazo zina hatari yake: picha au PDF ukishaipakia kwenye WordPress, anwani yake iko wazi hata kama chapisho bado limefichwa. Usiweke kichwa cha utafiti kwenye jina la faili, na PDF ya taarifa ipakie mwisho.

Embago haiadhibu anayechelewa kwa dakika moja, ila anayewahi. Kwa hiyo tovuti iwekwe 19:00, Facebook, Instagram na X 19:03, na barua pepe ya jumla baada ya hapo. Pengo hilo lina kazi: chapisho la Facebook likitangulia kabla ukurasa haujafunguka, kiungo kitaonyesha ukurasa usiopatikana, na Facebook huweza kuikumbuka taswira hiyo mbovu hata tovuti ikishakaa sawa. Dawa yake ni kuingia Sharing Debugger na kubonyeza "Scrape Again". Chaneli ya WhatsApp iachwe kwa mkono, baada ya tovuti kuonekana.

Mtu wa akiba si mtu wa kukaa pembeni kungoja kuitwa. Awe na akaunti yake mwenyewe yenye ruhusa ya kuchapisha, na namba za uthibitisho zije kwenye simu yake. Mpango mwingi wa akiba hufia hapo: nywila anayo, lakini namba inatumwa kwenye simu ya mkuu ambaye yuko barabarani kuelekea Moshi. Akae jengo tofauti, kompyuta imejaa chaji, na intaneti ya mtandao mwingine wa simu, maana umeme ukikatika ofisini huondoka pamoja na vifaa vya intaneti. Tarehe 18 Machi ni siku za mwisho za Ramadhani, na 19:00 ni muda mfupi baada ya magharibi. Kama zamu ni ya aliyefunga, panga mapema afuturu wapi.

Kuanzia 18:30 mtu wa akiba anatazama tovuti kwa dirisha la faragha, bila kuingia kwenye akaunti. Aliyeingia kama msimamizi huweza kuliona chapisho ambalo umma haulioni, akaripoti "limetoka" wakati halijatoka. Saa iwe ya mtandao, si ya ukutani. Ikifika 19:01 na ukurasa haujafunguka, anampigia simu mwenye zamu ya kuchapisha. Ikifika 19:02 na mwenzake hajapokea, au amepokea na kumwambia "achia", yaani chapisha wewe, anachapisha yeye. Bila neno hilo moja wawili hubonyeza pamoja na habari inatoka mara mbili.

Akiona habari imetoka kabla ya wakati, kwenye ukurasa wenu au wa mtu mwingine, apige picha ya skrini inayoonyesha saa. Cha kwenu kishushwe mara moja. Kisha apige simu ofisi ya habari ya jarida, kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya kazi tangu asubuhi. Jarida ndilo linaloamua kama embago imefunguliwa kwa wote. Kuvunja kwa mwingine hakukupi ruhusa ya kufuata.

Baada ya 19:03 anafungua kila jukwaa kwa simu, anabonyeza kila kiungo, na kuandika dakika lilipoonekana. Kiungo cha DOI cha makala yenyewe huweza kuchelewa dakika kadhaa kufunguka. Hilo si kosa lenu, na chapisho lisifutwe kwa sababu hiyo. Ajaribu tena 19:15, na kama bado, aweke kwa muda kiungo cha ukurasa wa jarida.