Skripti ya mazoezi ni nini, na kwa nini namba isisemwe mtu akiwa bado chini

Skripti ya mazoezi ni maandishi ya maneno atakayosema kocha anapoonyesha zoezi, yakiwa yamepangwa kulingana na mwendo wa mwili: neno gani lisemwe mtu anaposhuka, lipi akiwa chini, lipi akishasimama, na wapi anyamaze. Ndani yake mna mambo matatu yanayogombania nafasi moja. Kuna kuhesabu, kuna tahadhari za mkao, na kuna kutia moyo. Anayeandika skripti ndiye anayeamua lipi lisubiri.

Wengi hudhani kwenye video picha inatosha, sauti ni ya kuchangamsha tu. Jaribu pushapu ukitazama simu iliyo sakafuni mbele yako, uone shingo itakavyokuuma. Katika mazoezi mengi uso hauko kwenye kioo cha simu: unatazama sakafu, ukuta au dari. Kwa hiyo skripti nzuri huandikwa kwa ajili ya masikio. Kina mama wa Mombasa wanaofanya mazoezi sebuleni Tudor au Kisauni, mlango umefungwa na feni inazunguka, mara nyingi huiweka simu juu ya kabati na kufuata sauti tu.

Tuchukue zoezi moja, skwati ya kawaida isiyo na chuma, seti moja ya mara kumi. Tuseme kushuka ni sekunde tatu, kukaa chini sekunde moja, kupanda sekunde moja, na kusimama juu sekunde moja. Hiyo ni sekunde sita kwa mara moja, na seti nzima ni dakika moja kamili. Dakika hiyo ndiyo karatasi unayoandikia.

Sasa pima maneno. Kocha anayesema kwa utulivu huku naye anashuka na kupanda, mpe silabi nne hivi kwa sekunde. Basi mtu anaposhuka una nafasi ya silabi kumi na mbili, na si busara kuijaza yote. Akiwa chini una silabi nne. Mara nyingi utasikia kocha akisema: “Hakikisha magoti yako hayaingii ndani wakati unashuka.” Ni sentensi safi, lakini ina silabi ishirini na tatu, karibu sekunde sita. Ukiianza anapoanza kushuka, inamalizika ameshasimama. Ameonywa kuhusu kushuka akiwa wima.

Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba agizo hutangulia mwendo. Makanga wa matatu huita “Buxton!” kabla gari halijafika stejini, ili anayeshuka ajiandae. Akiita gari limeshapita, ni kelele tu. Mwili nao unahitaji muda wa kusikia, kuelewa na kutii. Neno la kushuka lisemwe mtu akiwa juu, na neno la kupanda lisemwe akiwa chini.

Kwenye karatasi, mara ya sita ya seti yetu, inayoanza sekunde ya 30 na kuisha ya 36, inaweza kuandikwa hivi:

Sekunde 30 hadi 33, anashuka: “Visigino chini.” Kisha kimya.
Sekunde 33 hadi 34, amekaa: “Magoti nje.”
Sekunde 34 hadi 35, anapanda: hakuna neno, pumzi ya kocha isikike ikitoka.
Sekunde 35 hadi 36, amesimama: “Sita. Vuta.”

“Vuta” hapo ni pumzi, ivutwe kabla ya kushuka tena. Angalia pia namba ilipokaa. Imesemwa mwishoni, mtu akiwa amenyooka, kwa sababu namba ni risiti ya kazi iliyokwisha. Makocha wengi huitaja wakati wa kushuka, na mambo huharibika mwishoni mwa seti: kocha anasema “kumi” anapoanza kushuka, msikilizaji anasikia kumi na mwili wake unajua kazi imekwisha. Anashuka nusu, anainuka, anashika kiuno. Mara ya kumi haikufanyika. Ukimwona mtu anakatisha ya mwisho kila seti, usimlaumu uvivu kabla hujasikiliza namba inatajwa wapi.

Kosa jingine la kuhesabu ni kutumia namba kwa kazi mbili. Kocha anahesabu sekunde za kushuka, “moja, mbili, tatu”, halafu juu anasema “nne” akimaanisha mara ya nne. Asubuhi kwenye ufuo wa Mama Ngina, vikundi vikiwa vinafanya mazoezi kabla jua halijawa kali, huwezi kukosa kusikia sauti ya nyuma: “Kocha, hiyo ni ya nne au ndiyo kwanza ya pili?” Tiba yake ni rahisi. Namba ziwe za kuhesabu mara tu, na mwendo upewe neno lake: “shuka, shuka, shuka, kaa.”

Katika hili Kiswahili kimetupa bahati. Kuanzia moja mpaka kumi, kila namba ina silabi mbili, kwa hiyo mdundo haubadiliki. Ukivuka hapo mambo yanageuka: “kumi na saba” ni silabi tano, imeshakula sekunde nzima ya kusimama na bado inataka zaidi. Zoezi la mara ishirini, mimi ningeligawa kumi mbili, ya pili ihesabiwe upya kutoka moja, kuliko kumlazimisha kocha kukimbizana na namba.

Tahadhari za mkao ndizo zinazotaka uamuzi mgumu zaidi, kwa sababu kocha anayajua makosa mengi na anataka kuyasema yote. Mtu aliye katikati ya skwati hawezi kushughulikia zaidi ya jambo moja kwa mara moja. Kwa hiyo mara mbili za kwanza waachie mdundo tu: shuka, kaa, panda. Ya tatu na ya nne zungumzia visigino, kwa kuwa visigino hunyanyuka mapema, hasa kwa wenye vifundo vya miguu vigumu. Magoti yape nafasi kuanzia ya tano. Magoti huelekea kuingia ndani mtu anapoanza kupanda, na huzidi misuli ikichoka, ndiyo sababu “magoti nje” imewekwa kwenye ile sekunde ya chini, punde kabla ya kupanda. Mwishoni kifua huanza kuinama, basi kuanzia ya nane agizo liwe “kifua juu”.

Agizo lenyewe liseme la kufanya badala ya la kuacha. “Usiingize magoti” inamwacha mtu na taswira ya magoti yanayoingia. Pia agizo linaloelekeza nje ya mwili mara nyingi hushikika haraka kuliko linalotaja misuli. Mwambie mtu “sukuma sakafu” na atapanda vizuri. Mwambie “kaza misuli ya paja la mbele” na ataanza kujikagua, mdundo umpotee. Na ile tahadhari ya zamani kwamba goti lisipite kamwe vidole vya mguu, ingefaa kuondolewa kwenye skripti. Kwa watu wengi goti hupita kidogo wanaposhuka chini vya kutosha, na kulizuia kwa nguvu huwafanya wainame mno kwa mbele. Cha kuangalia ni goti kuelekea vidole vinakoelekea, na kisigino kubaki chini.

Yapo maonyo yasiyofaa kuwekwa ndani ya seti hata kidogo. Maumivu makali ya goti, kizunguzungu, kifua kubana: haya yasemwe kabla ya mara ya kwanza, watu wamesimama na wanasikiliza. “Ukihisi maumivu ya kuchoma, simama. Ukihisi kizunguzungu, keti chini, usiendelee.” Wenye presha waambiwe mapema wasibane pumzi wakati wa kupanda, kwa sababu kubana pumzi huku misuli imekazwa hupandisha shinikizo la damu ghafla. Ndiyo maana pumzi ya kocha inatakiwa isikike: msikilizaji huiga bila kuambiwa. Na kwa joto letu la pwani, neno la maji liwekwe kila mapumziko, liandikwe kabisa kwenye karatasi lisitegemee kumbukumbu.

Kutia moyo kunabaki na nafasi ndogo kuliko watu wanavyodhani. “Jikaze!” kwenye mara ya pili ni maneno ya bure, maana hakuna aliyechoka. Mahali pake ni ya saba na kuendelea, na neno linalosaidia zaidi hapo huwa ni taarifa kuliko sifa: “bado tatu”, “bado mbili”, “ya mwisho”. Hata hizo zina mtego. “Bado mbili” ikisemwa mtu yuko katikati ya mara ya nane, hajui kama hii ya sasa imo kwenye mbili hizo. Isemwe juu, badala ya “nane”, kazi ikiwa imetulia. Na “ya mwisho” iwe ya mwisho kweli. Kuna makocha wanaopenda kuongeza tatu baada ya hapo, eti ndiyo motisha. Siku ya pili mwanafunzi anajiwekea akiba, na nguvu ya neno hilo imekwisha.

Hapa ndipo skripti ya video na ya ana kwa ana zinapoachana. Kocha aliye ufuoni anakuona, akisema “vizuri, Mama, mgongo umenyooka” anasema alichokiona. Sauti iliyorekodiwa haioni mtu. Ikikusifu mgongo nawe umejikunja, imekudanganya na imekuthibitishia kosa. Kwenye rekodi, mahali pa sifa weka kipimo ambacho msikilizaji atajikagua nacho: “Chezesha vidole vya miguu. Vikicheza, uzito uko sawa.” Akishindwa kuvichezesha, ameegemea mbele mno, na agizo linalofuata limwambie apunguze kina cha kushuka.

Kuhusu kurekodi: upepo wa ufuoni huingia kwenye maikrofoni na kumeza maneno, kwa hiyo wengi huchukua picha nje na kuweka sauti baadaye ndani ya chumba. Hapo sauti huanza kuteleza, kocha aliyeketi huhesabu haraka kuliko aliyekuwa akishuka. Weka metronomu ya midundo 60 kwa dakika sikioni, kila mdundo ni sekunde moja, na usome ukiitazama ile picha.

Ukimaliza, mpe mtu ambaye hajaiona video. Mgeuze akabili ukuta, simu iwe nyuma yake, umchezeshee sauti peke yake. Kila atakapogeuza shingo kutazama, tia alama kwenye karatasi: hapo pana agizo lililochelewa, refu mno, au ambalo halikuandikwa kabisa.