Simu na televisheni zote zina intaneti, mbona rimoti ya simu haishiki?

Dhana: amri ya rimoti hupitia intaneti, kwa hiyo vifaa vyote viwili vikiwa na intaneti vitaonana.

Mara nyingi si hivyo. Chukua kisanduku cha televisheni chenye Kodi, programu ya kuchezea filamu na muziki, na rimoti yake ya simu, Kore. Ukichomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, bado utapandisha sauti na kusimamisha filamu iliyo kwenye diski, kwa sababu amri inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta na kuingia kwenye kisanduku. Haitoki nje ya nyumba. Ndiyo maana ukizima Wi-Fi na kutumia bando, simu ina intaneti safi lakini kisanduku kimepotea.

Kabla ya amri yoyote, simu hupiga mbiu kuuliza nani yupo. Kwa Kore, mbiu hiyo huenda kwenye anwani 224.0.0.251, ambayo si ya kifaa kimoja, bali husikika na kila kifaa kilicho kwenye mtandao uleule. Ruta haiivushi kwenda mtandao mwingine. Hilo si hitilafu. Ndivyo ilivyokusudiwa, la sivyo vifaa vya jirani vingekuwa vinaitikia simu yako.

Dhana: jina la Wi-Fi likiwa moja, mtandao ni mmoja.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza jioni nzima, na nawaonea huruma, kwa kuwa kila kitu machoni kinaonekana sawa. Tuseme sebuleni kuna ruta kuu, na kisanduku kimepata anwani 192.168.1.23. Chumbani Wi-Fi ilikuwa hafifu, ikaongezwa ruta ya pili: waya kutoka ruta kuu ukachomekwa kwenye tundu lake la WAN, lile la kupokea intaneti, ikapewa jina lilelile na nywila ileile. Ukiwa sebuleni rimoti inafanya kazi. Ukihamia chumbani inasema hakuna kifaa.

Fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye simu, gusa jina la mtandao, usome anwani ya IP. Chumbani utakuta, kwa mfano, 192.168.0.105. Ilinganishe na ya kisanduku, ambayo Kodi huionyesha kwenye System information. Kwa ruta nyingi za nyumbani, namba tatu za mwanzo zikitofautiana, hiyo ni mitandao miwili. Ruta ya pili imejenga mtandao wake nyuma ya ukuta wake, na mbiu ya simu inaishia hapo.

Tofauti ya GHz 2.4 na GHz 5 ni jambo jingine kabisa. Kwa kawaida ruta moja huziunganisha katika mtandao mmoja, kwa hiyo usihangaike nazo kwanza.

Dhana: programu isipokiona kisanduku, haiwezi kukiendesha.

Kuona na kufikia ni mambo mawili. Katika mfano wetu simu iko nyuma ya ruta ya pili, na kutoka huko inaweza kufika kwenye mtandao wa ruta kuu kama inavyotoka kwenda intaneti. Kwa hiyo, kwenye Kodi ingia Settings, Services, Control, uwashe "Allow remote control via HTTP" na uweke nywila. Kisha kwenye Kore ongeza kisanduku kwa mkono: anwani 192.168.1.23, mlango 8080, jina na nywila ulizoweka. Mara nyingi hushika papo hapo.

Kinyume chake hakikubali. Kisanduku kikiwa nyuma ya ruta ya pili na simu ikiwa kwenye ruta kuu, kuandika anwani hakutasaidia, maana ruta ile inazuia wanaogonga kutoka nje. Vivyo hivyo kwa Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa kawaida imetengwa kwa makusudi.

Dawa ya kudumu ni kuigeuza ruta ya pili iwe kisambaza Wi-Fi tu. Kama ina chaguo la Access Point, litumie. Kama haina, ipe anwani isiyotumiwa na kifaa kingine, kwa mfano 192.168.1.2, zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawia vifaa anwani, kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN hadi la LAN, lile la vifaa vya nyumbani. Zima Wi-Fi ya simu na uiwashe tena. Sasa itapata anwani inayoanza na 192.168.1, na Kore itakiona kisanduku yenyewe.

Dhana: ukitaka kuiendesha ukiwa mbali, fungua mlango 8080 kwenye ruta kuu.

Tafadhali usifanye hivyo. Utakuwa umeuweka wazi kwa dunia nzima, na kwa HTTP ya kawaida nywila husafiri bila kufichwa. Weka VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa nyumbani, kama WireGuard, uunganishe simu kwanza, kisha andika anwani ya kisanduku kwa mkono, kwa sababu mbiu ile haipiti kwenye WireGuard pia.