Kwenda juu tu hakutoshi, roketi lazima ikimbie pembeni

"Roketi si ikifika juu sana inaelea yenyewe? Sasa vipande wanatupa vya nini?"

Hapana ndugu yangu, pale kilomita 400 juu ambako kile kituo cha anga kinazunguka, mvutano wa dunia bado upo karibu asilimia 90 ya huu wa hapa Mtwara, kwa hiyo ukikipandisha kitu mpaka pale ukakiachia, kinarudi chini kama embe. Kinachokibakisha ni spidi ya pembeni, kama kilomita 7.7 kwa sekunde, yaani Mtwara mpaka Lindi kwa mstari ulionyooka ni sekunde nane hivi! Kinaanguka muda wote, ila kila kikisogea kilomita 8 dunia nayo inakuwa imejipinda mita 5 hivi, basi ardhi hakiipati. Na hiyo spidi inakula nishati karibu mara nane ya kupanda kwenyewe, ndo maana roketi ikisharuka inaanza kulala taratibu.

Sasa vipande. Chukua roketi ya tani 100 ya mafuta ya taa na oksijeni, kufikia spidi hiyo inabidi iunguze kama tani 95, zinabaki tano, na humo humo kuna matangi na injini, mzigo unakosa nafasi kabisa. Ndo maana tangi likiisha wanalidondosha na injini zake, maana kulisukuma tupu ni kuchoma mafuta bure, halafu injini ya juu inawaka ikiwa na uzito mdogo.