Je, eksirei iligunduliwa kwa bahati tu?

"Ni kweli Röntgen aliona mifupa ya mkono wa mkewe kwa bahati tu?"

Bahati ilikuwa ya jioni moja, Novemba 8, 1895, mjini Würzburg, Ujerumani. Mwanafizikia Wilhelm Röntgen alikuwa akipitisha umeme wa nguvu kubwa katika bomba la kioo lililoondolewa hewa, akiwa amelifunika kwa karatasi nene nyeusi. Gizani, kibao kilichopakwa chumvi ya bariamu na platinamu kikang'aa. Mng'ao huo haukuwa ajabu kwake. Ajabu ilikuwa umbali. Mionzi ya kathodi, iliyojulikana tayari kuzalishwa na mabomba kama hilo, hufa ndani ya sentimita chache za hewa, na kibao hiki kiling'aa hata kikiwa mita mbili kutoka kwenye bomba.

Mkono wa mkewe ulipigwa picha Desemba 22, wiki sita baadaye. Katikati alikuwa akipima: mbao na vitabu viliipitisha mionzi hii mpya, madini ya risasi yakaizuia, sumaku haikuipinda. Hiyo si bahati tena.

Alipeleka ripoti yake Desemba 28. Madaktari hawakungoja, kwa kuwa mabomba ya aina hiyo yalikuwa tayari katika maabara nyingi za fizikia. Februari 3, 1896, huko Dartmouth, Marekani, kijana aliyevunjika mkono aliuweka juu ya bamba la picha kwa dakika 20 hivi. Mtikisiko wowote ungeififisha picha. Mwaka huohuo hospitali kuu ya Glasgow, Uskoti, ikafungua idara ya eksirei.