Umande wa alfajiri na waya wa nyumba juu ya paa la Jambiani

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, alinipigia simu mwezi wa pili, saa moja asubuhi. Hakungoja hata nimalize shikamoo. "Mwanangu, ile mashine imeandika tena." Mashine yenyewe ni inveta ya umeme wa jua, na maandishi yake ni haya:

```
PV Isolation Low
```

Kila alfajiri inagoma. Ikifika saa tatu na nusu inawaka yenyewe, na mchana kutwa inafanya kazi vizuri. Mafundi wawili walishafika kabla yangu. Wote walifika mchana, wakapima, wakakuta kila kitu kipo sawa. Mmoja akamshauri anunue inveta mpya.

Onyo lile maana yake ni kwamba umeme wa paneli unavujia kwenye ethi, yaani waya unaoshuka ardhini, na hitilafu inayokuja na alfajiri ikaondoka jua likipanda husababishwa na unyevu. Nikalala kulekule Jambiani, na kesho yake saa moja kasoro robo nilikuwa juu ya paa, mabati bado yamelowa umande. Nikazima swichi ya umeme wa jua, nikatoa nyaya mbili za paneli kutoka kwenye inveta, nikapima volti. Kati ya waya chanya na ethi nilipata 200. Kati ya waya hasi na ethi nilipata 120. Waya mzima usiovuja haushikilii volti na ethi namna hiyo. Namba hucheza kidogo kisha hushuka kuelekea sifuri. Hapa zilisimama kama zimepigiliwa.

Paneli zilikuwa 8 zimeunganishwa mfululizo, na jumla ya volti ilikuwa 320, kwa hiyo kila paneli ilikuwa ikitoa 40 kwa mwanga ule mdogo wa asubuhi. Ukihesabu kuanzia waya hasi, volti 120 ni paneli 3. Basi mahali panapovuja ni baada ya paneli ya tatu na kabla ya ya nne. Tahadhari: volti 320 za umeme wa jua zinaua, na ukichomoa kiunganishi wakati umeme unapita utapata cheche isiyozimika upesi. Kama huna mazoea na kazi hii, mwachie fundi.

Nikatazama paa. Safu ya chini ina paneli 3, kwa sababu nafasi iliyobaki imeshikwa na tangi la maji. Safu ya juu ina 5. Waya unaounganisha safu mbili hizo una urefu wa kama mita nne, na fundi aliyefunga aliishiwa na kebo ya sola, akaunga kwa waya wa nyumba, ule mwekundu wa PVC tunaoupitisha ndani ya ukuta. Aliufunga kwenye fremu ya chuma kwa vibana vyeupe vya nailoni. Vibana vilikuwa vimekatika vyote isipokuwa kimoja, na waya umelala juu ya engo ya chuma iliyofumuka kutu.

Niliukunja ule waya kwenye kidole. Ganda lake likapasuka kama ganda la muhogo uliokauka, na ndani shaba imegeuka nyeusi.

PVC ya kawaida hulainishwa kwa mafuta maalumu yaliyochanganywa ndani yake. Jua na joto huyatoa mafuta yale taratibu, plastiki ikawa ngumu, ikaanza kuchanika. Tena waya wa nyumba umekadiriwa kufikia joto la nyuzi 70, na hilo ni joto la shaba yenyewe, siyo la hewa. Bati lililopigwa jua la kaskazi mchana hufika nyuzi 60 na zaidi, na umeme unaopita huongeza joto lake juu ya hilo. Kwa hiyo waya ule huishi ukingoni mwa uwezo wake kila siku ya kiangazi. Kebo ya sola imetengenezwa kwa plastiki ambayo chembe zake zimefungamanishwa zisiyeyuke. Shaba yake inaruhusiwa kufika nyuzi 90 siku zote, ina maganda mawili, na kila uzi wa shaba umepakwa bati laini ili chumvi isiile.

Lakini ganda kupasuka peke yake hakutoshi kuvujisha umeme kiasi kile. Pasuko likiwa kavu, hewa iliyomo ndani inazuia. Kinachokamilisha njia ni vumbi letu. Barabara za ndani za Jambiani ni kifusi cha mawe ya matumbawe, na kila gari likipita linainua vumbi jeupe. Pwani ile ya mashariki inapigwa na upepo wa bahari misimu yote miwili, kaskazi na kusi, na upepo huo unabeba chumvi. Vumbi na chumvi vinakaa pamoja. Chumvi haihitaji mvua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi hujivutia maji yenyewe, ikawa tope jembamba linalopitisha umeme. Jua likipanda tope linakauka, na inveta inawaka.

Wengi hudhani mvua ya masika inasafisha kila kitu. Inasafisha uso wa paneli tu. Pitisha kidole chini ya fremu, upande usioonwa na mvua, utakuta ukoko mweupe unaokwaruza. Ukilamba, una chumvi. Huko chini ndiko nyaya zinakopita, na ndiko kutu inakoanzia.

Sasa fremu. Ile ya Jambiani ilikuwa ya engo za chuma zilizochomelewa, zikapakwa redoksaidi na rangi ya fedha juu. Rangi hupasuka kwanza kwenye maungio ya kuchomelea na kwenye kona kali, kwa sababu hapo hukaa nyembamba. Kutu ikiingia chini yake hufura, ikabandua rangi, na ukingo wa engo ukawa na meno. Waya uliolegea, ukitikiswa na upepo wa kusi miezi mitatu minne juu ya meno yale, hata ungekuwa kebo nzuri ungekatika siku moja. Kwa hiyo siwezi kumlaumu waya peke yake.

Nikipewa nafasi ya kuchagua karibu na bahari, nachagua aluminiamu iliyotiwa ngozi ya kinga kiwandani. Haifanyi kutu ya kumomonyoka, ni nyepesi juu ya kenchi za mbao za nyumba zetu, na reli zake zina mfereji ambamo waya unalala bila kugusa bati. Ina matata yake mawili. La kwanza, hutanuka na joto karibu mara mbili ya chuma: reli ya mita 6 ikitoka nyuzi 25 asubuhi hadi 65 mchana inarefuka karibu milimita tano na nusu, basi acha pengo kwenye maungio. La pili ndilo baya zaidi: haipendi kugusana na metali nyingine penye chumvi. Paneli za mama yule zina fremu za aluminiamu na zilikaa moja kwa moja juu ya chuma. Rangi ilipotoka, palipogusana palitoa unga mweupe na aluminiamu ikaanza kulika vishimo. Shaba ni mbaya zaidi kuliko chuma, kwa hiyo waya wa ethi usiubane mtupu kwenye reli. Tumia kichwa cha waya kilichopakwa bati.

Aluminiamu ni ghali, na sisemi kila mtu ainunue. Chuma kilichozamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka kinafaa, mradi ujue unachonunua. Chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 kikizamishwa vizuri hupata zinki ya wastani wa mikroni 70, na mikroni 1000 ni milimita moja. Ufukweni penye chumvi nyingi zinki hupungua mikroni 4 hadi 8 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ni miaka 9 hadi 17 kabla chuma hakijaguswa. Boliti zinazong'aa dukani, za rangi ya fedha au manjano, zimepakwa zinki kwa umeme, na nyingi zina mikroni 5 hadi 12 tu. Hesabu ileile inakupa miezi saba au minane hadi miaka mitatu. Zinki ya kuzamisha unaitambua kwa macho: ni ya kijivu isiyong'aa sana, huwa na maua maua, na mara nyingine ina matone yaliyoganda ukingoni. Ukishatoboa tundu au kukata kwa msumeno, hapo zinki haipo tena, na rangi ya zinki lazima irudishwe siku hiyohiyo. Boliti mimi natumia za stenlesi zenye maandishi `A4` kichwani, hata fremu ikiwa ya chuma.

Kuhusu kununua kebo ya sola, maandishi `H1Z2Z2-K` ubavuni ni mwanzo tu, kwani wino ni rahisi kuigiza. Omba kipande cha kidole kimoja. Menya, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Kebo halali ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Ukikuta nyekundu nje na nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovalishwa shaba. Ina ukinzani mkubwa zaidi, na kwenye viunganishi hulegea na kupata moto. Kisha gusisha ganda kwenye chuma cha moto cha kulehemu: PVC itayeyuka na kunata papo hapo, ganda la kebo ya sola litachubuka bila kuyeyuka.

Kwa mama yule fedha hazikutosha kubadilisha fremu yote. Tuliondoa engo za safu ya juu zilizooza, tukaweka reli za aluminiamu. Za chini zilikuwa bado nzima. Tulizikwangua, tukazipaka upya, tukaweka vipande vya mpira mweusi kila paneli inapokalia chuma. Waya mwekundu tukautupa, tukapitisha kebo ya milimita 4 za mraba ndani ya mfereji wa reli, na panapovuka kutoka safu hadi safu tukaivalisha bomba jeusi. Vibana ni vya stenlesi vyenye ngozi ya plastiki. Mwisho tukaosha chini ya fremu zote kwa maji ya mvua ya tangini, kwa sababu kisima chake kina maji ya magadi yenye chumvi.

Nilirudi juu kesho yake, saa moja kasoro robo, umande ukiwa mwingi kuliko siku ile ya kwanza. Chanya na ethi: 31, 14, 6, 2. Hasi na ethi hivyohivyo. Mama alikuwa amesimama chini uani na kikombe cha chai ya mkandaa, akaniuliza mashine imeandika nini. Nikamwambia haijaandika kitu.