Faida ipo, pesa iko wapi?

"Dada, nauza kwa faida kila siku lakini droo haina kitu. Si kuna mtu ananiibia?"

Kabla hujamfukuza kijana wa dukani, hesabu siku. Chukua duka la Mtwara mjini linalopelekea mchele kwenye shule na hoteli. Kila siku unatoka mzigo uliogharimu 100,000, unauzwa 120,000. Faida ni ya kweli kabisa. Ila mchele hukaa stoo siku 10, wateja hulipa baada ya siku 45, na mwenye mali wa Dar anataka chake ndani ya siku 7.

Jumlisha 10 na 45, toa 7: siku 48. Kwa siku zote hizo pesa ya mzigo inatoka mfukoni mwako. Zidisha kwa 100,000, unapata 4,800,000. Hazijaibiwa, zimelala kwenye magunia na kwenye daftari la madeni.

Kinachoniumiza zaidi ni duka linalokua. Mauzo yakiongezeka maradufu, zinahitajika 4,800,000 nyingine, wakati faida ya mwezi ni 600,000 tu, na hapo hujatoa kodi ya pango wala mshahara. Ndiyo maana wengi hukwama baada ya kupata oda kubwa.

Anzia kwa wadaiwa: wakilipa siku 30 badala ya 45, 1,500,000 zinarudi mkononi. Mwenye mali akikubali mali kauli ya siku 14, unapumua kwa 700,000 zaidi. Wizi wa kweli utauona kwingine: magunia ya stoo na daftari havitalingana.